Picha ya matriksi ya hali mbili: mimi napata nusu kwa nusu, kitabu kinasema 6/7. Nakosea wapi?

#1 Desimali

Wakuu salaam. Nimeweka picha ya swali hapo chini. Kwa asiyeweza kuifungua, inaonekana hivi:

```
   N     M
  0.9   0.1
  0.?   0.4
```

N ni mashine nzima, M ni mashine mbovu, na kila hatua ni siku moja. Swali linataka uwezekano wa muda mrefu wa kila hali. Kushoto ukurasa umekatika, kwa hiyo kama kulikuwa na herufi pembeni hazikuingia. Namba ya chini kushoto imemezwa na mwanga wa flashi. Naisoma 0.6, lakini ukiikazia macho inafanana na 0.8 pia.

Nimechukua 0.6 nikaandika 0.9n + 0.1m = n na 0.6n + 0.4m = m. Yote mawili yananipa n = m, na kwa kuwa n + m = 1 nikapata 1/2 na 1/2. Nyuma ya kitabu jibu ni 6/7 na 1/7. Nimerudia mara tatu, nusu kwa nusu haibanduki.

#2 Jogoo la Asubuhi

Mashine inayobaki nzima kwa 0.9 halafu nusu ya maisha yake ni mbovu? Hiyo mkuu uza tu.

#3 Nusu Kikombe

Kosa lako la kawaida sana. Milinganyo miwili ya namna hii huwa ni mmoja uliovaa nguo mbili, kwa hiyo lazima utupe mmoja na uweke n + m = 1 mahali pake. Wengi wanasahau huo wa tatu. Uweke, jibu litakuja.

#4 Fundi Mitambo

Mbona mnazunguka? Kama leo ni mbovu, kesho itakuwa nzima kwa 0.6. Kama leo ni nzima, 0.9. Jibu limo ndani ya picha yenyewe.

#5 Desimali

@Nusu Kikombe, n + m = 1 nimeutumia, soma tena #1. Bila huo nisingepata nusu, ningebaki na n = m tu.

@Fundi Mitambo, hiyo ni kesho. Wao wanauliza mbali, siku ambayo hujui tena ilianzaje.

#6 Chaki Nyeupe

Tuanze na picha, kwa sababu humo mna maswali mawili na yote yanajibika bila kupiga nyingine.

La kwanza, matriksi inasomwa kwa mlalo au kwa wima? Mashine ikiwa katika hali fulani leo, kesho lazima iwe mahali fulani, kwa hiyo namba zinazotoka kwenye hali moja lazima zijumlishe 1. Safu mlalo ya juu ni 0.9 na 0.1, jumla 1. Safu wima ya kulia ni 0.1 na 0.4, jumla 0.5. Wima imeshaanguka, tena bila kuhitaji ile namba iliyofifia. Basi kila safu mlalo ni "kutoka", na zile herufi N na M za juu ni "kwenda". Herufi zilizokatika kushoto nazo zilikuwa N na M, kwa mpangilio huo huo.

La pili, namba iliyomezwa na flashi. Safu mlalo ya chini ijumlishe 1, kulia kuna 0.4, hivyo kushoto ni 0.6. Ingekuwa 0.8 jumla ingefika 1.2. Usomaji wako ulikuwa sahihi.

Sasa kosa. Jiulize: kesho, sehemu ya N itatokea wapi? Itatoka kwa waliokuwa N wakabaki, yaani 0.9n, na kwa waliokuwa M wakapona, yaani 0.6m. Hizo 0.9 na 0.6 zimekaa kwa WIMA chini ya herufi N. Wewe umezidisha kwa mlalo, ukachanganya 0.9n na 0.1m. Lakini 0.1 ni uwezekano wa nzima kuharibika. Kuuzidisha na m, sehemu ya zilizo mbovu, hakuna maana yoyote.

Milinganyo inayotakiwa:

```
n = 0.9n + 0.6m
m = 0.1n + 0.4m
n + m = 1
```

Na kwa nini umepata nusu kwa nusu hasa, si namba nyingine mbaya? Kwa sababu safu mlalo ikijumlisha 1, kuzidisha kwa mlalo ni kutafuta wastani wenye uzito wa n na m. Wastani wa n na m hauwezi kuwa sawa na n isipokuwa m nayo iwe sawa na n. Hivyo ungepata nusu kwa nusu hata kama matriksi ingekuwa 0.99, 0.01, 0.5, 0.5. Hilo jibu lako halikutoka kwenye namba za picha, limetoka kwenye umbo la mlinganyo tu. Ukiona nusu kwa nusu kwenye matriksi isiyo na ulinganifu, shuku mwelekeo kabla hujashuku hesabu.

#7 Desimali

Asante mkuu. Nimerudia. Wa kwanza: n = 0.9n + 0.6m, natoa 0.9n pande zote, 0.1n = 0.6m, basi n = 6m. Wa pili: m = 0.1n + 0.4m, natoa 0.4m, 0.6m = 0.1n, n = 6m tena. Wa tatu: 6m + m = 1, m = 1/7, n = 6/7. Imekubali.

Ila huo wa pili unanisumbua. Swali lina vitu viwili visivyojulikana na milinganyo miwili. Kwa nini wa pili haukuleta kitu kipya?

#8 Nusu Kikombe

Si nilisema? Mmoja uliovaa nguo mbili.

#9 Jogoo la Asubuhi

Ulisema, ila ulimwambia aweke kitu ambacho alikuwa ameshakiweka.

#10 Bi Takwimu

@Desimali, jumlisha milinganyo miwili ya mwanzo. Kushoto unapata n + m. Kulia unapata (0.9 + 0.1)n + (0.6 + 0.4)m, yaani n + m. Ukijumlisha vinakubaliana daima, kwa hiyo ukishajua wa kwanza, wa pili umeshaujua. Matriksi ya hali tatu inakuwa hivyo hivyo: milinganyo mitatu ya mpito, mmoja ni ziada.

Hiyo ni faida pia ya kukagua. Kama milinganyo yako miwili imekupa majibu mawili tofauti, mfano n = 6m na n = 4m, basi umenakili namba vibaya au safu haijumlishi 1. Ungechukua ile 0.8 ya flashi, wa kwanza ungekupa 0.1n = 0.8m na wa pili 0.6m = 0.1n. Vinagombana hapo hapo.

#11 Fundi Mitambo

Kwa lugha yangu: 0.1n ni mashine zinazoharibika kwa siku, 0.6m ni zinazotengenezwa kwa siku. Kama foleni ya mbovu haiongezeki wala haipungui, zinazoingia karakana ni sawa na zinazotoka. Mlinganyo ni huo mmoja tu, 0.1n = 0.6m. Huo wa pili ni kusimama mlango wa pili wa karakana ile ile ukahesabu watu wale wale.

#12 Chaki Nyeupe

Fundi umeipata vizuri kuliko mimi. Kwa hali mbili hakuna haja hata ya kuandika matriksi nzima. Chukua namba mbili za kuvuka tu: 0.1 kutoka N kwenda M, 0.6 kutoka M kwenda N. Sehemu ya N ni namba ya kuingia N juu ya jumla ya zote mbili, 0.6 / 0.7 = 6/7. Sehemu ya M ni 0.1 / 0.7 = 1/7. Watu huzigeuza hapa, wakaweka 0.1 kwa N kwa sababu imeandikwa kwenye safu ya N. Kumbuka hali hukua kwa kinachoingia.

Tahadhari moja: habari ya mlango mmoja inatosha kwa hali mbili tu. Zikiwa tatu, mashine inaweza kuzunguka A, B, C bila kurudi A moja kwa moja, na usawa wa kila jozi unavunjika hata kama jumla imetulia.

#13 Pembe Nne

Samahani wakuu, mimi nimefuata hatua zote na napata 9/13 kwa N. Nimechapa kutoka kwenye picha:

```
0.6  0.9
0.4  0.1
```

Safu wima zinajumlisha 1, safu mlalo hazijumlishi, kwa hiyo kwa kanuni ya #6 nikaisoma kwa wima. Kutoka hali ya kwanza kuvuka ni 0.4, kutoka ya pili kuvuka ni 0.9. Hivyo 0.9 / 1.3 = 9/13. Naona kitabu ndicho kimekosea.

#14 Jogoo la Asubuhi

Kitabu kimekosea, mwalimu amekosea, simu peke yake ndiyo imesoma.

#15 Bi Takwimu

@Pembe Nne, picha uliiona ikiwa imelala ubavu?

#16 Pembe Nne

Ndiyo, kwangu ilifunguka imelala. Nikachapa tu kama zilivyokaa. Kuna shida?

#17 Bi Takwimu

Ndiyo shida yenyewe. Linganisha na #1. Ukiizungusha ile matriksi robo duara kuelekea mishale ya saa, safu mlalo ya chini (0.6, 0.4) inakuwa safu wima ya kushoto, na ya juu (0.9, 0.1) inakuwa safu wima ya kulia. Ndicho ulichochapa.

Ubaya wake ni kwamba kipimo cha jumla ya 1 kinapita bila kelele. Unaona safu wima zinajumlisha 1, unaridhika. Lakini kuzungusha si sawa na kubadilisha mlalo na wima. Ungebadilisha mlalo na wima kwa utaratibu wake ungepata 0.9, 0.6 juu na 0.1, 0.4 chini, na jibu lingebaki 6/7. Kuzungusha kumebadilisha pia mpangilio: safu ya "kutoka M" imekaa mahali pa "kutoka N". Umetengeneza mashine nyingine kabisa, ambayo ikiwa mbovu inapona kwa 0.9 na ikiwa nzima inaharibika kwa 0.4.

Namna ya kugundua: tazama pembe inayotoka juu kushoto kwenda chini kulia. Hapo hukaa uwezekano wa kubaki ulipo. Katika #1 ni 0.9 na 0.4. Kwako ni 0.6 na 0.1. Kubadilisha mlalo na wima hakugusi pembe hiyo, kuzungusha kunaigusa.

#18 Pembe Nne

Nimeigeuza simu. Kweli namba zilikuwa zimelala na mimi nikazisimamisha kichwani. 6/7 sasa.

#19 Mkokotoaji

Mnachoka bure kwa mkono. Mistari mitatu:

```
import numpy as np
P = np.array([[0.9, 0.1], [0.6, 0.4]])
print(np.linalg.eig(P.T))
```

Kwenye jibu tafuta safu wima inayoendana na thamani 1. Mimi napata 0.986 na 0.164. Hivyo N ni 98.6%. Kitabu kimekadiria sana.

#20 Chaki Nyeupe

0.986 + 0.164 ni 1.15, mkuu. Uwezekano wa hali mbili hauvuki 1.

Programu imekupa mwelekeo sahihi lakini kwa urefu wake yenyewe: inapanga ili miraba ya namba hizo ijumlishe 1, si namba zenyewe. Gawanya kila moja kwa 1.15 utapata 0.857 na 0.143. Wakati mwingine zitatoka zote mbili na alama ya kutoa, nayo si kosa, ukigawa kwa jumla yake inaondoka. Ile `.T` umeiweka vizuri. Ukiisahau unapata 0.707 na 0.707, ambayo ndiyo nusu kwa nusu ya #1 imevaa kofia.

Kwa anayetaka usalama zaidi, pandisha matriksi kipeo kikubwa kwa `np.linalg.matrix_power(P, 20)`. Safu mlalo zote mbili zitasoma 0.85714286 na 0.14285714. Safu mbili kufanana ndiyo maana halisi ya kusahau mwanzo: uanze nzima, uanze mbovu, siku ya 20 uwezekano ni ule ule.

#21 Fundi Mitambo

Sasa tafsiri, kwa sababu namba peke yake hainisaidii. 1/7 maana yake kila siku ya saba mashine inaharibika. Nikiwa na mashine moja, naandaa vipuri mara moja kwa wiki.

#22 Bi Takwimu

Hapana, na hapa ndipo wengi huanguka hata hesabu ikiwa safi. 1/7 ni sehemu ya siku ambazo mashine IKO mbovu. Si mara ngapi INAHARIBIKA.

Ikiwa nzima, kila siku ina 0.1 ya kuharibika, kwa hiyo kipindi cha uzima ni siku 10 kwa wastani. Ikiwa mbovu, kila siku ina 0.6 ya kupona, kwa hiyo kipindi cha ubovu ni 1 / 0.6, kama siku 1.67. Mzunguko mmoja, kuanzia kuharibika hadi kuharibika tena, ni siku 11.67. Ukigawa 1.67 kwa 11.67 unapata 1/7 ile ile. Vipuri vyako basi ni kila siku 11 au 12, si 7.

#23 Nusu Kikombe

Ngoja Bi Takwimu. Najua kanuni inayosema muda wa kurudi kwenye hali ni 1 gawanya kwa uwezekano wake wa muda mrefu. 1 / (1/7) = 7. Hiyo ni kanuni, si maoni. Kwa hiyo Fundi yuko sahihi.

#24 Bi Takwimu

Kanuni ni ya kweli, na 11.67 ni ya kweli. Zinahesabu vitu viwili. Kanuni inaposema "kurudi M" inahesabu hata kukaa M siku inayofuata kama kurudi kwa siku 1. Hesabu mwenyewe: kutoka M, kwa 0.4 unabaki, umerudi kwa siku 1. Kwa 0.6 unaenda N, siku 1 ya kuvuka na siku 10 za kungoja kuharibika, jumla 11. Wastani ni 0.4 × 1 + 0.6 × 11 = 0.4 + 6.6 = 7.

Basi 7 ni umbali wa wastani kati ya siku moja mbovu na siku nyingine mbovu, na mara nyingi hizo siku zimefuatana. 11.67 ni umbali kati ya kuharibika kupya. Anayenunua vipuri anataka 11.67. Anayelipa fidia ya kila siku isiyo na kazi anataka 7.

#25 Nusu Kikombe

Haya, nimekubali nusu.

#26 Jogoo la Asubuhi

Jina lako linakutosha kabisa.

#27 Desimali

Na "muda mrefu" ni mrefu kiasi gani? Siku 20 za Chaki? Mwaka?

#28 Chaki Nyeupe

Kwa matriksi hii, siku tano. Anza na mashine mbovu leo, uwezekano wa kuwa nzima ni 0. Kila siku mpya ni 0.6 + 0.3 × ya jana. Hiyo 0.3 ni 1 toa 0.1 toa 0.6. Siku ya kwanza 0.6, ya pili 0.78, ya tatu 0.834, ya nne 0.8502, ya tano 0.855. Lengo ni 0.857. Kila siku pengo linabaki asilimia 30 ya pengo la jana.

Lakini angalia, mashine ingekuwa na kuvuka kwa 0.01 na 0.06, jibu bado ni 6/7 kamili, ila kizidishi kingekuwa 0.93 na pengo lingechukua wiki kadhaa kufifia. Jibu la muda mrefu halikuambii kasi. Matriksi mbili tofauti sana zinaweza kuwa na 6/7 moja.

#29 Mkokotoaji

Na kizidishi kikiwa hasi?

#30 Chaki Nyeupe

Uwezekano unaruka juu na chini ya lengo huku ukikaribia. Mfano mzuri ni wa mtu ambaye minyororo ya namna hii inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1913 Andrei Markov alihesabu herufi 20,000 za shairi la Kirusi kwa mkono, akizigawa irabu na konsonanti. Baada ya irabu, irabu nyingine ilikuja kwa 0.128. Baada ya konsonanti, irabu ilikuja kwa 0.663. Weka kwenye kanuni ya #12: kuingia irabu 0.663, kutoka irabu 0.872, hivyo 0.663 / 1.535 = 0.432. Alipata irabu 8,638 kati ya 20,000, ambazo nazo ni 0.432. Kizidishi ni 0.128 toa 0.663, yaani hasi 0.535. Irabu na konsonanti hupenda kupokezana.

Kikifika hasi 1 kamili, yaani kila hali inavuka kwa uhakika, milinganyo bado inakupa nusu na nusu lakini hakuna kutulia: leo N, kesho M, daima.

#31 Nusu Kikombe

Hapo basi jibu la nusu ni la uongo. Ukinipa siku ya 1,000 na mwanzo, najua kwa uhakika iko wapi. Uwezekano wa muda mrefu haupo.

#32 Bi Takwimu

Haupo kama unamaanisha uwezekano wa siku moja ya mbali. Upo kama unamaanisha sehemu ya siku zilizopita katika kila hali. Kitabu cha Desimali hakikusema kinataka ipi, na kwa 6/7 zinakutana, kwa hiyo hakuna anayeona tofauti.

#33 Nusu Kikombe

Mimi nasema kama hazikutani jina lisitumike.

#34 Pembe Nne

Na matriksi ambayo mlalo na wima zote zinajumlisha 1? Nina moja ya 0.3, 0.7 juu na 0.7, 0.3 chini, na picha yake haina herufi hata moja. Mwelekeo nitaujuaje?

#35 Chaki Nyeupe

Hutaujua, na huhitaji. Kwa hali mbili, zikijumlisha 1 pande zote basi lazima matriksi iwe na ulinganifu, kuvuka kwenda na kuvuka kurudi ni sawa. Mlalo au wima, jibu ni nusu na nusu, na safari hii nusu ni halali. Ila usiizungushe tena, utapata 0.7 mahali pa 0.3 na jibu la muda mrefu halitakushtaki.

#36 Fundi Mitambo

Turudi kwenye 6/7. Kwa mwaka, siku 365 gawa 7, siku 52 za ubovu. Nikipata 65 nimlaumu nani?

#37 Bi Takwimu

Usimlaumu mtu haraka. Kama siku zingekuwa hazitegemeani, kuyumba kwa kawaida kungekuwa kama siku 6.7 juu au chini ya 52. Lakini ubovu huja kwa mafungu, siku mbovu huvuta nyingine. Ule utofauti unazidishwa kwa 1.3 / 0.7, na kuyumba kunakuwa kama siku 9. 65 iko juu kwa mara moja na nusu hivi ya hiyo. Si ajabu bado.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ile 0.9 yenyewe. Imeandikwa kwa desimali moja. Kama imekadiriwa, ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 0.85 na 0.95. Kuharibika kukiwa 0.05, ubovu ni 0.05 / 0.65, kama asilimia 7.7. Kukiwa 0.15, ni 0.15 / 0.75, asilimia 20. Siku 28 au siku 73 kwa mwaka, kutoka picha ile ile.

#38 Chaki Nyeupe

Kwenye kitabu 0.9 ni 0.9 kamili. Imetolewa, haikupimwa. Jibu ni 6/7 hadi desimali ya mwisho.

#39 Bi Takwimu

Kwenye kitabu, sawa. Fundi hakuuliza ya kitabu.

#40 Fundi Mitambo

Mimi nilikuwa nauliza ya karakana tangu #4.

#41 Jogoo la Asubuhi

Na bado hamjui kama 1,000 ni siku ya N au ya M.

#42 Desimali

Nimepata picha mpya bila flashi. Ni 0.6. Ukurasa unaofuata una hali tatu na namba mbili zimefutika kwenye safu mlalo moja. Jumla ya 1 inanipa jumla yake tu, hainipi kila moja. Naweka picha jioni.